Maziwa ya soya kubaki na ladha ya maharage mabichi

"Naloweka soya usiku kucha, nasaga, nachuja, nachemsha vizuri tu, ila ladha ya maharage mabichi haitoki. Nakosea wapi?"

Habari ndugu, angalia kwanza maji unayosagia. Kama ni ya baridi, tatizo ndo hapo, maana punje ikipasuka kimeng'enya chake kinakutana na mafuta na hewa, ile ladha inazaliwa humohumo kwenye blenda na kuchemsha baadaye hakuiondoi yote. Mi nilihangaika hivyohivyo, nikawa naongeza vanila bure.

Sasa hivi kikombe 1 cha soya kavu nikishaloweka namwaga maji, natumbukiza kwenye maji yanayotokota tayari kwa dakika 5, usizidishe sana, protini inaganda ndani ya punje na maziwa yanakuwa mepesi. Nasaga na vikombe 6 vya maji ya moto, kidogokidogo, mfuniko uachie mvuke utoke.

Chuja kwa kitambaa cha pamba, kamua, kisha chemsha dakika 15 hadi 20 ukikoroga. Povu hupanda mapema kabla hayajachemka, usidanganyike ukaepua, soya isiyoiva vizuri inasumbua tumbo.