Zahanati mbili, vijiji vinne na korongo moja

Kwenye vikao vya kupanga zahanati mpya huku kwetu Dodoma, swali la kwanza huwa ni kijiji gani kimeshachangia matofali. Mimi hushauri tuanze na jingine: tukijenga hapa, watu wote kwa jumla watatembea kilomita ngapi? Hesabu yake si ngumu. Unachukua idadi ya watu wa kila kijiji, unazidisha na umbali wa kufika zahanati iliyo karibu nao zaidi, halafu unajumlisha. Mpangilio wenye jumla ndogo kuliko yote ndio unaopunguza safari za watu.

Huu ndio mfano ninaoutumia kuelekeza wenzangu. Vijiji vinne viko kwenye barabara moja ya vumbi. A iko mwanzoni, ina watu 2,000. B iko kilomita 6 kutoka A, watu 1,500. C iko kilomita 10 kutoka A, watu 1,000. D iko kilomita 16 kutoka A, watu 2,000. Fedha zinatosha zahanati mbili.

Wengi huchagua moja moja. Kwa zahanati ya kwanza B inashinda: jumla ni kilomita 36,000 za watu wote, wakati C ingetoa 38,000. Ukishaibakiza B na kutafuta ya pili, D inashuka hadi 16,000. Inaonekana kazi imekwisha. Lakini jaribu kuiondoa B na kuweka A mahali pake. Watu wa B wanatembea kilomita 6 kwenda A, wa C kilomita 6 kwenda D, na jumla inakuwa 15,000. Mahali panapofaa zahanati moja peke yake si lazima pafae zikiwa mbili. Kwa hiyo ukipata jibu, badilisha kila eneo ulilochagua na kila eneo uliloliacha, na uendelee mpaka jumla isishuke tena. Mwaka 1968 watafiti Teitz na Bart waliandika njia hii ya kubadilishana. Haikuhakikishii jibu bora kabisa, ila hukaribia sana. Kwa vijiji vinne unaweza kupima jozi zote sita. Ukiwa na maeneo 20 na zahanati 3, michanganyiko inafika 1,140, na hapo iachie kompyuta.

Kwenye Excel, weka watu safu ya B na umbali wa kwenda A, B, C na D kwenye safu za C hadi F. Kwa jozi ya A na D andika hivi kwenye mstari wa 2, ambao ni wa kijiji cha kwanza, uivute hadi wa kijiji cha nne, kisha ujumlishe:

```
=B2*MIN(C2,F2)
```

Kama zahanati ipo tayari jirani, iweke ndani ya MIN kila mara, la sivyo utajenga mpya kwa watu ambao tayari wanahudumiwa.

Sasa umbali wenyewe. Usiupime kwa rula kwenye ramani. Pita na bodaboda usome kilomita, na kwa idadi ya watu tumia daftari la kila kitongoji, maana nyumba zetu zimetawanyika na ofisi ya kijiji mara nyingi haiko katikati ya watu. Siku moja nilipokuwa nikipima, mwenyekiti wa kitongoji mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hapo korongoni umewahi kupita masika?" Nikamjibu, "Bado, mzee." Tukaenda wote, akanionyesha alama za maji kwenye mti.

Swali lake linaweza kugeuza uamuzi wote. Tuseme korongo liko kati ya C na D, na likijaa, njia ya kuzunguka inafanya kilomita 18. Kwa A na D, watu wa C sasa wanakwenda A, kilomita 10, na jumla inapanda kutoka 15,000 hadi 19,000. Kwa B na D hakuna kinachobadilika, inabaki 16,000, kwa sababu watu wa C huenda B bila kuvuka.

Ukipiga wastani wa mwaka, mipangilio hii miwili inalingana korongo likifungwa robo ya mwaka, yaani miezi mitatu. Zaidi ya hapo, chagua B na D. Hapa panataka uangalifu: urefu wa masika si urefu wa korongo kufungwa. Makorongo yetu hujaa baada ya mvua kubwa na kupungua upesi, kwa hiyo waulize bodaboda na wakazi hasa ni siku ngapi haivukiki. Kisha angalia rejista ya wagonjwa kwenye zahanati jirani. Malaria huongezeka mvua zinaponyesha na baada yake, hivyo safari za miezi hiyo ni nyingi, na siku moja ya korongo kujaa inaweza kuwa na uzito kuliko siku moja ya kiangazi. Zidisha kwa idadi ya wagonjwa wa kila mwezi badala ya watu tu, na mpaka ule wa miezi mitatu utashuka.

Mwisho hesabu walio mbali zaidi ya kilomita 5, kwa sababu jumla ndogo inaweza kuficha kitongoji kidogo kilichosahaulika. Kiangazi, A na D inaacha watu 2,500 nje ya umbali huo. B na D inaacha 2,000, wote wa kijiji cha A. Kwa tofauti hiyo ya jumla ya 1,000 tu, mimi ningepeleka mezani B na D hata kama korongo hufungwa miezi miwili, na ningeomba siku za huduma ya mkoba zitengwe kwa kijiji cha A.