Ufa na mvunjiko uliohama: namna ya kusoma eksirei ya kifundo cha mkono

Mtu aliyeanguka akajikinga kwa kiganja hufika akiwa ameushika mkono kwa mkono mwingine, na swali lake la kwanza huwa hili: "Umevunjika, au ni ufa tu?" Ninyi mnaoanza kazi ya kusoma picha hizi mtalisikia swali hilo kila siku, na inafaa mjue mapema kwamba ufa nao ni mvunjiko. Mfupa wenye ufa umekatika, ila vipande vyake vimebaki vilipokuwa, na katika mvunjiko uliohama kipande kimoja kimesogea, kimeinama au kimezama ndani ya kingine. Kwa hiyo unapoitazama picha una maswali mawili ya kujibu, kama mfupa umekatika na kama umetoka mahali pake, na mara nyingi swali la pili hujibiwa na picha tofauti na ile iliyojibu la kwanza.

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nililijibu la pili kwa picha ya kwanza. Alikuja mama wa miaka 58 aliyeteleza na kuangukia kiganja. Katika picha ya mbele, ile inayopigwa kiganja kikiwa kimelala juu ya bamba, niliona mstari mweupe wenye ukungu ukikatiza mfupa wa rediasi, ambao ndio mfupa wa upande wa dole gumba, kama sentimita 2 kabla ya kiungo. Kingo za mfupa zilionekana zimenyooka, nikaandika kuwa ni ufa usiohama. Daktari wa mifupa aliyekuwa akinisimamia alinizuia kabla sijaitia sahihi karatasi. "Usiandike bado," aliniambia. "Picha ya ubavu inasemaje?"

Picha ya ubavu ilisema mambo mengine kabisa. Kipande cha rediasi kilicho upande wa kiungo kilikuwa kimeinamia upande wa mgongo wa mkono, na gamba la mfupa upande huo lilikuwa limepondeka. Picha ya mbele haikuweza kunionyesha hilo kwa sababu kipande kilihama kuelekea kwenye mashine yenyewe, na picha bapa haionyeshi kina. Hata weupe wa ule mstari ulikuwa na maana yake, ingawa sikuijua: mahali ambapo vipande vimeachana pana pengo, na pengo huonekana jeusi, lakini mahali ambapo mfupa umeshindiliwa ndani ya mfupa panakuwa pazito na huonekana peupe. Mstari mweupe kwa mtu mzima aliyeanguka unakuonya kwamba huenda mfupa umefupika.

Kuhama huko hupimwa, na sipendi kuona kukikadiriwa kwa macho tu. Katika mkono mzima, ukiitazama picha ya ubavu, uso wa rediasi unaopokea mifupa midogo ya kifundo huinamia upande wa kiganja kwa nyuzi 11 hivi. Chora mstari unaofuata urefu wa rediasi, kisha mwingine unaokatiza huo kwa pembe mraba, halafu wa tatu unaounganisha ncha mbili za uso wa kiungo. Pembe iliyo kati ya mistari hii miwili ya mwisho ndiyo mwinamo. Kwa yule mama uso ulikuwa umegeukia mgongo wa mkono kwa nyuzi 16, maana yake mfupa ulikuwa umezunguka nyuzi 27 kutoka hali yake ya kawaida. Nilipoirudia picha ya mbele nikiwa na jibu hilo, niliona pia kwamba alna, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, ilikuwa imepita usawa wa rediasi kwa milimita 4, na kwa watu wengi mifupa hiyo miwili hukaribia kulingana. Alna haikurefuka, rediasi ndiyo iliyofupika.

Alichomwa dawa ya ganzi, mkono ukavutwa na kurudishwa, ukafungwa plasta, kisha akapigwa picha nyingine. Mwinamo ulikuwa umerudi upande wa kiganja kwa nyuzi 3, na alna ilizidi kwa milimita 1. Baada ya wiki moja uso ulikuwa sifuri, haujainamia popote, na baada ya wiki mbili uligeukia mgongo wa mkono kwa nyuzi 4. Hapa naomba mwe waangalifu sana. Ukilinganisha picha ya leo na ya wiki iliyopita, badiliko la nyuzi 3 au 4 linaonekana dogo, na unaweza kulipuuza kila wiki hadi mfupa uunge umepinda. Linganisha kila picha mpya na ile iliyopigwa mara tu baada ya kurudishwa. Kwake jumla ilikuwa nyuzi 7, na kwa kuwa wengi wetu huanza kufikiria upasuaji mwinamo wa upande wa mgongo wa mkono unapozidi nyuzi 10, rediasi inapofupika zaidi ya milimita 3, au uso wa kiungo unapokuwa na ngazi ya zaidi ya milimita 2, aliachwa kwenye plasta hadi wiki ya sita.

Ufa wenyewe huonekana tofauti. Kijana wa miaka 24 aliyemfuatia mama huyo siku ileile alikuwa na mstari mweusi mwembamba ulioanzia kwenye gamba la rediasi upande wa dole gumba na kufifia kabla ya kufika upande wa pili. Pitisha ncha ya kalamu juu ya ukingo wa mfupa kwenye picha kama hiyo: kalamu inapita bila kukutana na ngazi. Picha yake ya ubavu ilionyesha mwinamo wa nyuzi 9 upande wa kiganja, na hapo ndipo neno "haujahama" lilipata haki ya kuandikwa. Mfereji wa mshipa wa damu unaweza kufanana na ufa, lakini kwa kawaida kingo zake ni laini na zina weupe mwembamba, tena mgonjwa haumii ukimbonyeza pale. Kwa mtoto, mstari mweusi karibu na kiungo huenda ukawa sehemu ya kawaida inayokuza mfupa.

Upo pia ufa usioonekana siku ya kwanza. Katika picha ya ubavu, kando ya rediasi upande wa kiganja kuna utepe mwembamba mweusi wa mafuta. Ukiuona umetuna au umefutika, shuku damu iliyovuja kutoka kwenye mfupa, hata kama mstari wenyewe huuoni. Na mgonjwa anayeumia ukibonyeza kishimo kilicho chini ya dole gumba atendewe kama aliyevunjika skafoidi, kimfupa kidogo cha kifundo, afungwe, apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Kufikia wakati huo kingo za ufa huwa zimeliwa kidogo na mwili wenyewe katika kuunga, na mstari uliofichika hujitokeza.

Yule kijana nilimwambia jambo moja zaidi, ambalo wengi huliacha kwa kuwa mfupa haukuhama. Kano inayonyanyua dole gumba hupita kwenye mfereji mwembamba mgongoni mwa rediasi, na baada ya ufa usiohama inaweza kusagika na kukatika wiki kadhaa baadaye, hata maumivu yakiwa yamekwisha. Alaze kiganja mezani na kunyanyua dole gumba peke yake; siku litakaposhindwa kuinuka, arudi bila kuchelewa.