Kuchelewa kuna bei

Swali la wiki: Kazi zikijazana na mikono ni michache, mnaamuaje ipi itangulie?

Sisi ni watu watatu hapa Mji Mkongwe, tunatengeneza programu ya kuweka nafasi za vyumba kwa nyumba za wageni. Katikati ya Mei tulikuwa na kazi tatu, na kila moja tuliikadiria kwa mambo mawili: wateja wanapoteza kiasi gani kwa kila wiki inayochelewa, na itatushughulisha wiki ngapi. Malipo ya simu yalikadiriwa shilingi 600,000 kwa wiki na kazi ya wiki 6. Kosa la chumba kimoja kuuzwa mara mbili, 300,000 na wiki 1. Ripoti ya mwezi, 240,000 na wiki 2.

Ukigawanya gharama ya kuchelewa kwa ukubwa wa kazi, malipo yanapata 100,000, kosa 300,000 na ripoti 120,000. Kanuni hii, iitwayo WSJF, hutanguliza jawabu kubwa zaidi. Tukiifuata, kosa linaisha wiki ya 1, ripoti ya 3 na malipo ya 9, na hasara yote hadi hapo ni 6,420,000. Tungeanza na malipo kwa kuwa ndiyo yenye fedha nyingi, kisha kosa, kisha ripoti, ingefika 7,860,000, kwa sababu kazi mbili fupi zingekaa nyuma ya moja ndefu, kila moja ikila fedha zake.

Hata hivyo, hatukuufuata mpango huo mpaka mwisho. Ile 600,000 tuliikadiria wakati wa masika, wageni wakiwa wachache, ilhali Julai vyumba hujaa na hasara hiyo tuliiona ikipanda hadi 900,000. Kuitanguliza ripoti kungeyasogeza malipo kutoka mwanzo wa Julai hadi katikati yake, yaani wiki mbili za msimu, 1,800,000. Kuitanguliza kazi ya malipo kungeichelewesha ripoti wiki sita, 1,440,000. Ripoti ikarudi nyuma. Kinachohesabiwa ni hasara ya zile wiki ambazo kuchelewa kutaziangukia, si ya siku mnayokaa kupiga hesabu.

Wasio na makadirio ya fedha hutumia alama 1, 2, 3, 5, 8, 13 na 20, wakijumlisha thamani kwa mteja, uharaka, na hatari itakayopungua au fursa itakayofunguka, ndipo wakagawanya kwa alama ya ukubwa. Katika kila kipimo, kazi iliyo chini kuliko zote hupewa 1, na nyingine hupimwa kwayo. Tulipojaribu njia hiyo mwanzoni, mteja mmoja alizipa kazi zake zote 20, nasi, kwa haya, tukazikubali; jumla za alama zikakaribiana kiasi kwamba kilichokuwa kinapanga foleni ni ukubwa wa kazi peke yake. Siku hizi tunamwomba kwanza atuonyeshe ile ambayo ikichelewa mwezi mzima hatapiga simu.