Mjomba, mbalamwezi na mshahara wako

“Shikamoo mama. Mshahara ukiingia tu simu zinaanza: mjomba, shangazi, ada, dawa. Nikikataa naonekana nina roho mbaya, nikitoa sibaki na akiba hata senti. Nifanyeje?”

Marahaba mwanangu. Huku Nansio hatujambo.

Kabla hujapanga chochote, fungua taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu iliyopita. Jumlisha yote uliyowatumia ndugu, pamoja na makato na ile “ya kutolea” unayowaongezea kila mara. Usikisie, maana anayetuma elfu kumi kumi huwa hajui ametuma ngapi.

Umeniambia mkononi unapata 800,000. Kodi ya chumba hapo Buzuruga 120,000, chakula na daladala 280,000, umeme, maji na vocha 50,000. Inabaki 350,000. Toa 150,000 ya akiba siku hiyohiyo mshahara unapoingia, iende kwenye akaunti isiyounganishwa na simu. Fungu la ndugu liwe 120,000. Zile 80,000 zilizobaki ni zako: nguo, sadaka, mchango wa harusi ya rafiki. Naitaja akiba mwanzo kwa makusudi. Ukisubiri ndugu wamalize ndipo uweke, hutaweka.

Sasa hiyo 120,000. Bibi yako 50,000 kila mwezi, tarehe moja, kwa mkupuo mmoja ili makato yapungue. Yeye halimi tena wala hauzi kitu, kwa hiyo hana pa kuziba pengo. Elfu 30 ni ya mtoto wa shangazi anayeingia kidato cha kwanza. Hiyo usiitume, itunze. Ukianza Julai, Desemba utakuwa na 180,000 ya sare, viatu na madaftari, na Januari haitakukuta unahangaika. Elfu 40 inabaki ni ya dharura. Mwezi usiokuwa na shida, inalala na kungoja mwezi ujao, hairudi kwenye matumizi yako.

Hapa ndipo anapoingia mjomba wako. Nimekuwa nikisikiliza anavyokupigia. Yeye ni kibarua kwenye mitumbwi ya dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Ndiyo maana simu yake inakuja karibu kila mwezi, mwezi ukiwa mpevu, na kila mara ana sababu mpya: mtoto anaumwa, nyumba inavuja. Shida ni ya kweli, ila si dharura, kwa sababu hata kalenda inaijua. Mweke kwenye orodha: elfu 20 kutoka kwenye ile 40, nayo ilipwe kwa mwenye duka hapa Nansio kwa ajili ya unga wa watoto. Dharura itabaki na elfu 20. Ni ndogo, naam, ndiyo uwezo wako. Mwezi wa giza anapopata, kutunza ni juu yake.

Akiomba zaidi, usimwambie “sina”, kwani atajua una mshahara na atakuona mwongo. Mwambie: “Mjomba, fungu la mwezi huu limeisha, jipya linaanza mshahara ukiingia.” Basi, unyamaze. Ukianza kumweleza kodi yako na daladala zako, mtaanza kupatana bei kama mko Mwaloni.

Mtu akilazwa ni jambo jingine. Kama ni Sekou Toure, omba namba ya malipo ya bili na ulipe mwenyewe kadiri ya kilichomo kwenye fungu. Kikizidi, tuitane ndugu wote tuchangie, usibebe peke yako. Usichukue mkopo wa simu kwa ajili hiyo, maana unakatwa pesa inapoingia tu, na mwezi unaofuata bibi ndiye anayekosa. Na anayeomba kukopa laki mbili, mpe elfu kumi kutoka kwenye dharura, kama ipo, kisha usiidai. Deni la ndugu halilipwi, linaleta tu kununiana kwenye misiba.

Utajua umekadiria vibaya ukijikuta unagusa akiba miezi miwili mfululizo. Hapo punguza fungu mpaka 100,000, na umwambie kila anayehusika mapema, kabla ya tarehe yake. Ukipandishwa mshahara, ongeza akiba kwanza, tena usitangaze kwenye kundi la familia.

Nami usinitume niwe mpeleka maombi. Shangazi yako amezoea kuniambia mimi nikuambie, nami nakuona unashindwa kukataa. Kuanzia sasa nitamjibu hapahapa. Mjomba nitakutana naye Jumapili, nitamweleza habari ya duka. Usimpigie kabla sijaongea naye.

Mama yako.