Hoteli Isiyotajwa Jina na Mzee wa Barazani

Nilipoanza kazi ya uhasibu wa kujitegemea hapa Lamu, niliandika wasifu mfupi wa kuwapelekea wenye hoteli, na katika wasifu huo nikaweka sentensi ambayo niliiona salama kwa sababu haikuwa na jina la mtu wala la biashara: "Nilipanga upya hesabu za hoteli ya vyumba tisa iliyo ufukweni Shela, inayofanya kazi hata mwezi wa Mei, na kupunguza upotevu wa fedha kwa asilimia 30, sawa na shilingi 360,000 kwa mwezi." Niliichapa nakala na kumwonyesha mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa amekaa barazani. Akaisoma mara moja tu, kisha akataja hoteli yenyewe na mwenyewe, na akaniuliza, "Mwanangu, kwani keshia yule ndiye aliyekuwa akila fedha?"

Neno "keshia" halikuwamo katika sentensi yangu. Alilipata mwenyewe kwa kuunganisha habari nilizompa na habari alizokuwa nazo, na hapo ndipo penye hatari. Aandikaye wasifu hujitazama kwa jicho la mgeni asiyejua kitu, ilhali msomaji wa kuogopwa ni jirani, mshindani au mfanyakazi wa zamani, ambaye tayari anajua nusu ya habari na anahitaji kijisehemu kimoja tu. Hoteli za Shela ni nyingi, lakini zilizo ufukweni ni chache zaidi, zenye vyumba tisa ni chache mno, na kwa kuwa nyingi hufunga Mei kwa sababu ya mvua na upungufu wa wageni, kutaja mwezi huo kulibakiza labda moja. Hakuna sifa hata moja kati ya hizo iliyokuwa siri. Siri ilitokana na kukaa kwao pamoja.

Tarakimu nazo zilinisaliti kwa namna nyingine. Ukiandika asilimia peke yake, msomaji hajui kiasi. Ukiandika kiasi peke yake, hajui uwiano. Lakini ukiviweka vyote viwili, anagawanya 360,000 kwa 0.3 na kupata shilingi 1,200,000, yaani upotevu wote wa mwezi, jambo ambalo mwenye hoteli hakumwambia hata ndugu yake. Tangu siku hiyo sitoi zaidi ya kimoja katika viwili hivyo, na mara nyingi sitoi hata kimoja.

Sasa kila sentensi ya namna hii naipima kwa kujiuliza ni wateja wangapi katika kisiwa hiki wanaoweza kuwa ndio wanaosemwa. Nikiwahesabu na kuona hawafiki watano, napanua sifa moja, kisha nahesabu tena: Shela inakuwa "pwani ya Kenya", vyumba tisa vinakuwa "hoteli ndogo", na mwezi unaondoka kabisa. (Watano si kanuni ya kisheria, ni kipimo changu tu, na mji mdogo unahitaji uangalifu kuliko Mombasa.) Ninachokataa kupanua ni kazi ya mikono yangu, kwa sababu hiyo ndiyo mteja mpya anayoinunua. Sentensi ile ikawa hivi: "Kwa hoteli ndogo ya pwani ya Kenya, nilianzisha utaratibu wa kulinganisha kila siku stakabadhi za mapokezi, malipo ya simu na fedha zilizopelekwa benki, na kwa njia hiyo nikaziba upotevu uliokuwa haujulikani chanzo chake." Imepoteza mahali na tarakimu, lakini naiona ina nguvu zaidi kuliko ya kwanza, maana ile ilisifu matokeo bila kueleza nilifanya nini.

Kupanua hakutoshi ikiwa mkataba unakataza hata kusema kwamba mlifanya kazi pamoja. Mikataba mingine ya kutunza siri ina kifungu cha namna hiyo, na vingine huendelea kumfunga mtu baada ya kazi kwisha, kwa hiyo nausoma mkataba kabla ya kugusa kalamu. Mkataba usiposema lolote, nampelekea mteja sentensi yenyewe, neno kwa neno, na kumwomba ajibu kwa maandishi. Kumwuliza tu "naweza kukutaja?" hakufai, kwani yeye atakubali jambo moja akilini mwake nami nitaandika jingine.

Mwenye hoteli ile nilimpelekea sentensi mpya pamoja na radhi zangu. Jibu lake lilikuja jioni ile ile. Maneno "uliokuwa haujulikani chanzo chake" ameyakata, na pahali pa "upotevu" ameandika "tofauti za hesabu". Nikaiandika kama alivyotaka.