"Tangu miaka mitano" si Kiswahili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nafasiri hati za Kifaransa hapa Bujumbura. Sentensi kama "J'habite à Goma depuis cinq ans" huiandika "Naishi Goma tangu miaka mitano", na mhariri huikata kila mara. Kosa liko wapi? Na pendant, il y a na pour zinataka kitenzi kiwe katika wakati gani?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako asichoke kuikata. Katika Kiswahili, "tangu" hudai mwanzo unaoweza kuonyeshwa: tangu jana, tangu mwaka 2002, tangu nizaliwe. Miaka mitano si mwanzo wa jambo, ni urefu wake. Depuis, neno lililoungwa kwa de na puis, hubeba yote mawili, yaani depuis 2002 na depuis cinq ans, na anayelizoea hudhani kwamba "tangu" nayo itabeba mzigo huo. Haiubebi. Nikiwa mgeni wa mtu Bukavu au Lubumbashi, simkatizi mwenyeji wangu kwa sababu ya "tangu miaka mitano", kwa kuwa ndivyo wengi wasemavyo huko. Lakini katika hati iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu siikubali hata kidogo, na sababu nitaieleza.

Niliwahi kuletewa karatasi ya mgonjwa iliyofasiriwa. Muuguzi alikuwa ameandika, saa kumi na moja jioni: "Elle a de la fièvre depuis deux heures." Mfasiri akaweka: "Ana homa tangu saa mbili." Msomaji yeyote wa Kiswahili ataelewa kwamba homa ilianza saa mbili asubuhi, kwa hiyo saa mbili za homa zikawa saa tisa, na daktari anayeamua dawa kwa kutazama muda wa homa amekwisha kupotoshwa. Ni kweli kwamba maneno yale ya Kifaransa yangeweza pia kumaanisha saa nane mchana, ndiyo maana wauguzi waangalifu wakitaka kutaja saa ya ukutani huandika depuis 14 heures. Lakini saa mbili asubuhi hayawezi kuimaanisha kamwe. Ilitosha kuandika "Ana homa kwa muda wa saa mbili sasa", au "Homa ilimwanza saa mbili zilizopita". Nawe andika "Naishi Goma, huu ni mwaka wa tano", au "Nina miaka mitano Goma".

Ukigeuza upande, ukatoka Kiswahili kwenda Kifaransa, kosa huhamia kwenye kitenzi. Kwa kuwa sisi husema "nimeishi Goma miaka mitano", wengi huandika "J'ai habité à Goma depuis cinq ans". Kiambishi chetu -me- kinaweza kueleza hali inayoendelea: aliyelala "amelala", wala hajaamka, na Kifaransa chake ni il dort, si il a dormi. Jambo likiwa bado linaendelea, depuis hutaka wakati uliopo: j'habite. Wakati timilifu hurudi katika ukanushi, "Je ne l'ai pas vu depuis cinq ans", au pale tendo lilipokwisha na hali yake ikabaki, "Il est parti depuis deux heures". Ukilirudisha simulizi nyuma, wakati uliopo hugeuka kuwa ule wa jambo lililokuwa likiendelea. Mkazi aliyehamia Goma mwaka 1997 na kuuona mlima Nyiragongo ukilipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikaingia mjini, atasema: "J'habitais à Goma depuis cinq ans quand le Nyiragongo est entré en éruption."

Mkazi huyohuyo akihama baada ya maafa yale, miaka yake mitano imefungwa, na hapo ndipo mahali pa pendant: "J'ai habité à Goma pendant cinq ans." Neno hili limetokana na pendre, kuning'inia. Kwa muda uliohesabiwa na kwisha, tumia timilifu; habitais haifai hapo.

Il y a hairefushi kitu, hurudi nyuma na kugusa nukta moja, nayo pia huenda na timilifu: "Je suis arrivé il y a cinq ans", nilifika miaka mitano iliyopita. Ukiiongezea que baada ya muda, "Il y a cinq ans que j'habite ici", imekuwa depuis kwa sura nyingine, na wakati uliopo unarejea.

Pour ndiyo inayowaponza wazoefu wa "kwa". Sisi husema "nilifanya kazi Goma kwa miaka mitano" na pia "nakwenda Goma kwa miaka mitano", neno moja kotekote. Kifaransa huitumia pour kwa muda uliopangwa tu, hasa pamoja na partir, venir na être: "Je pars à Goma pour cinq ans." Anayeandika "J'ai travaillé à Goma pour cinq ans" amechukua muda aliokwisha kuumaliza akauandika kana kwamba ni mpango wa safari, aseme pendant.