Vyumba vinne, LUKU moja

"Tuko wapangaji wanne, LUKU moja, mita ya maji moja. Mwenzetu ana friji na sote tunachanga sawa. Tugawaneje bila ugomvi?"

Ndugu yangu, umeme msigawane kwa vichwa. Mwombeni mwenye nyumba fundi afunge mita ndogo kila chumba, kisha msome wote pamoja kila tarehe 1 na kupiga picha.

Tuseme LUKU imetumia uniti 125, mkalipa 44,500, yaani 356 kwa uniti. Mita ndogo zinasoma 70 kwa mwenye friji, na 20, 15 na 12 kwa wengine: jumla 117. Zile 8 zilizobaki ni taa za nje, kila mmoja abebe 2. Mwenye friji atalipa 25,632 na wa mwisho 4,984. Pengo likikua ghafla, mwiteni fundi, huenda kuna waya uliounganishwa kabla ya mita ndogo. Na kodi ya jengo inayokatwa mnaponunua umeme ni ya mwenye nyumba, arudishe.

Maji ndiyo ya vichwa, watoto wakiwemo. Bili ya 27,000 kwa watu 9 ni 3,000 kila mtu. Mgeni akipita wiki ahesabiwe, na anayefua nguo za biashara aongeze kwa makubaliano. Bili ikipanda bila sababu, usiku fungeni mabomba yote mtazame mita: ikizunguka, bomba linavuja, na hiyo gharama mpelekeeni mwenye nyumba.